Lasix au Losec? Cheti cha daktari kikifika kwa picha

Wengi tunaamini kuwa mfamasia ana jicho la pekee la kusoma mwandiko wa daktari. Simama kando ya kaunta ya famasi moja ya Darajani au Mlandege asubuhi ya Jumatatu, umwangalie anavyofanya kazi, na imani hiyo itapungua. Akipewa cheti ambacho neno la mwanzo ni L, halafu mawimbi mawili matatu, halafu mkwaruzo, hahangaiki na neno lile. Jicho lake linaruka mbele kwenye miligramu. Linaangalia dawa inaliwa mara ngapi na kwa muda gani. Linashuka kwenye dawa ya pili na ya tatu, kisha linakwenda kwenye muhuri: hiki kimetoka kliniki ya moyo, ya macho, au ya mama na mtoto? Mwisho anamtazama aliyekileta, na kama bado hajaridhika anauliza, "Anayeumwa nani, na anaumwa nini?" Baada ya hapo ndipo anarudi kwenye neno, na safari hii linasomeka, kwa kuwa katika mamia ya majina ya dawa anayoyajua yamebaki mawili, pengine moja.

Kwa hiyo kinachosomwa zaidi ni vile vilivyolizunguka neno. Hapo ndipo ulipo ubaya wa kutuma cheti kwa picha ya simu. Picha inachukua herufi, ambazo ndizo dhaifu kuliko vyote, na mara nyingi inaacha nyuma yale yaliyokuwa yanazisaidia zisomeke.

Unguja picha hizi zina sababu zake. Mgonjwa yuko Nungwi, Makunduchi au Jambiani, ameandikiwa dawa hospitali, na kwenye dirisha la dawa ameambiwa mbili zipo, ya tatu akanunue nje. Duka la kijijini halina. Mtoto wake anayefanya kazi mjini anapigiwa simu, anatumiwa picha kwa WhatsApp, anaingia famasi wakati wa mapumziko, ananunua, na jioni kifurushi kinapewa konda wa gari ya shamba. Ikikosekana mjini, picha hiyohiyo inavuka bahari hadi kwa jamaa aliyeko Kariakoo, na dawa inarudi na boti. Njia hii imewasaidia watu wengi, na sioni kama itaachwa. Ila kila mkono unaoipokea picha ile unajua kidogo kuliko mkono uliotangulia.

Lipo na jambo la mwandiko wenyewe, ambalo watu hulimaliza kwa mzaha kwamba madaktari hufundishwa kuandika vibaya. Daktari mwenye foleni ya watu hamsini nje ya mlango anaandika haraka, hilo linaeleweka. Lisilosemwa sana ni kwamba anamwandikia mtu anayemjua. Dirisha la dawa liko hatua chache kutoka chumba chake. Aliyekaa dirishani ameshaona vyeti vyake mara nyingi, anajua anapenda kuandika dawa gani, na anajua stoo wiki hii ina nini na haina nini. Kati ya watu wawili hao, mstari uliopinda mwishoni unatosha kuwa jina zima la dawa. Cheti kikishatoka getini, kinamfikia msomaji ambaye hakukusudiwa. Mkono uleule uliosomeka bila taabu pale dirishani, kwa mgeni wa Mchangani umekuwa kitendawili.

Vifupisho navyo vina tabia hiyohiyo ya kwenda vizuri kwao na kupotea ugenini. Watabibu wetu wamerithi vya Kilatini kupitia Waingereza: OD ni mara moja kwa siku, BD mara mbili, TDS mara tatu, PRN ni pale inapohitajika. Muda huandikwa kwa sehemu: 5/7 ni siku tano katika saba za wiki, 2/52 ni wiki mbili katika hamsini na mbili za mwaka, 1/12 ni mwezi mmoja. Kando ya hivyo tuna mtindo wa namba na alama ya mara, ambao hata mwananchi wa kawaida anaujua: 1×3 ni kidonge kimoja kutwa mara tatu, na 2×2×3 ni viwili, kutwa mara mbili, kwa siku tatu. Changanya mitindo hii kwenye karatasi moja, kisha mpe mtu anayeijua nusu. OD ya kliniki ya macho inaweza kuwa na maana ya jicho la kulia, maana herufi hizohizo mbili ni kifupisho cha Kilatini cha jicho hilo. Picha ikikata kichwa cha karatasi, jina la kliniki halipo tena la kuamua ni ipi kati ya hizo mbili.

Wagonjwa wanaorudi kutoka matibabu India huja na mtindo wa tatu, 1-0-1, yaani kimoja asubuhi, mchana hakuna, kimoja usiku. Aliyezoea 1×3 akiuona kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ni mchezo wa hesabu. Karatasi hizo pia mara nyingi zina majina ya kibiashara ya viwanda vya kule, ambayo hapa hayapo rafuni. Mfamasia hana pa kuanzia mpaka apate jina halisi la dawa yenyewe.

Tuje kwenye picha sasa. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza, na upande mrefu hubaki na pikseli kama 1,600. Chukua karatasi ya nusu ukurasa, yenye urefu wa sentimita 21. Ikiijaza picha yote, kila milimita moja inapata pikseli saba na ushei. Nukta ya kalamu ya wino, yenye upana wa nusu milimita, inapata pikseli nne hivi, nayo itaonekana. Lakini watu hawapigi picha hivyo. Cheti kimewekwa juu ya kanga kitandani, mpigaji amesimama, na karatasi imechukua theluthi moja ya urefu wa picha. Milimita moja sasa ina pikseli mbili na nusu, na nukta ile imebaki na pikseli moja tu. Simu nayo, chumba kikiwa na mwanga hafifu, husafisha chembechembe inazodhani ni uchafu, halafu picha inapobanwa ili iwe nyepesi hukatwa katika viraba vya pikseli nane kwa nane na vitu vidogo ndani ya kila kiraba hupotezwa. Pikseli moja haitoki salama humo.

Nukta ikipotea, kinachobaki kinategemea daktari aliandikaje. Akiwa ameandika 0.25, msomaji ataona 025, na sifuri ile ya mbele itamshtua, kwa kuwa hakuna anayeandika ishirini na tano kwa namna hiyo. Akiwa ameandika .25 bila sifuri, msomaji ataona 25, namba safi isiyo na dalili ya kosa. Sifuri ya nyuma ndiyo mbaya zaidi. Prednisoloni 5.0 mg ikipoteza nukta inakuwa 50 mg. Vidonge vya miligramu tano vipo kila famasi, na dozi ya miligramu hamsini kwa siku hutolewa kweli kwa baadhi ya maradhi, kwa hiyo mtu anaweza kuhesabu vidonge kumi kwa siku bila ya mkono kusita. Kinyume chake pia hutokea: tone la chai, au doa la karatasi iliyokunjwa mfukoni, linageuka nukta ambayo hakuna aliyeiandika.

Kesi moja ya Uingereza, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 1989, inaonyesha vizuri ninachosema, tena inahusu dawa mbili zinazojulikana sana kwetu. Daktari alimwandikia mgonjwa wa kifua dawa tatu: Amoxil, ambayo ni amoksilini, pampu ya Ventolin, na vidonge vya Phyllocontin vya kufungua njia za hewa. Mfamasia akaisoma Amoxil kuwa Daonil, dawa ya kisukari. Mgonjwa hakuwa na kisukari. Sukari yake ilishuka mno, na akabaki na madhara ya kudumu ya ubongo.

Mahakama ilikubali kwamba mwandiko ulikuwa mbaya kiasi cha mtu kuweza kulisoma neno lile kimakosa. Pamoja na hayo, daktari alibebeshwa robo tu ya lawama, na robo tatu zikamwangukia mfamasia. Sababu ni kwamba karatasi ilikuwa imejaa dalili za kumzuia. Dozi iliyoandikwa ilikuwa miligramu 250, na kidonge cha Daonil ni miligramu 5. Iliandikwa mara tatu kwa siku, vidonge 21, mpango usiofanana na matumizi ya Daonil. Dawa mbili nyengine zilikuwa za kifua. Tena mgonjwa alilipia dawa, wakati kwa utaratibu wa huko wenye kisukari hawalipi. Neno lilidanganya, lakini kila kilicholizunguka kilikuwa kinasema kweli.

Fikiri cheti kilekile kingefika kwa picha iliyokatwa kwenye mstari wa kwanza, kwa kuwa dawa mbili za chini zilishapatikana na jamaa hakuona haja ya kuzituma. Ventolin haipo, Phyllocontin haipo, na mgonjwa hayupo mbele ya kaunta akikohoa. Dalili zilizobaki ni namba tu, na namba ndizo zinazoharibika mwanzo.

Hebu tutengeneze mfano wa kwetu. Bibi mmoja wa Nungwi, mwenye miaka sabini na kitu, moyo umechoka, miguu inavimba, usiku halali bila ya mito mitatu. Daktari ameandika:

```
T. Lasix 40 mg OD × 1/12
T. Digoxin 0.25 mg ½ OD × 1/12
```

Lasix ni furosemidi, kidonge cha kukojoza maji yaliyojaa mwilini. Digoksini inaupa moyo nguvu na kupunguza kasi yake, na kiwango chake salama ni chembamba mno. Daktari ametaka nusu kidonge kwa siku, yaani 0.125 mg, kwa kuwa figo za mtu mzima huitoa dawa hii taratibu.

Mjukuu anapiga picha. Anamtumia mjomba wake mjini, ambaye anakwenda famasi na kumwonyesha muuzaji kioo cha simu. Neno la kwanza linaweza kuwa Lasix, linaweza kuwa Losec. Losec ni omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni. Kawaida miligramu ndizo zingeamua, lakini hapa hazisaidii, kwa kuwa 40 mg ipo kwa dawa zote mbili, na mara moja kwa siku inafaa kwa zote mbili. Ipo T. ya mbele, inayoonyesha kidonge, wakati Losec nyingi tunazoziona ni kapsuli. Ni dalili dhaifu, kwani wapo wanaoandika T. kwa kila kinachomezwa. Dalili kubwa iko mstari wa chini. Mtu anayepewa digoksini ana ugonjwa wa moyo, na Lasix hufuatana na digoksini katika ugonjwa huo. Muuzaji akiuona mstari wa pili, suala limekwisha. Mjomba akiwa amevuta picha kwa vidole ili mstari wa kwanza uonekane vizuri, wa pili umetoka nje ya kioo.

Mstari wa pili una mtego wake. Ile ½ ndogo, yenye mkwaju mwembamba katikati, kwenye picha hafifu inaweza kuonekana 1-2, kimoja mpaka viwili, au 1 peke yake na takataka pembeni. Mwenye kusoma 1 atampa bibi dozi mara mbili ya iliyokusudiwa. Mwenye kusoma 1-2 anaweza kumfikisha mara nne.

Yote mawili yakikosewa, kinachofuata hakionekani kama kosa la dawa. Bibi anakula Losec kila asubuhi na miguu inazidi kuvimba. Nyumbani watasema maradhi yamezidi. Kipimo cha kwanza kipo, nacho hakihitaji daktari. Furosemidi ya kumeza huanza kazi ndani ya saa moja hivi, na aliyeimeza asubuhi atakwenda msalani mara kwa mara kabla ya adhuhuri. Siku ya kwanza ikipita bila ya mabadiliko yoyote ya mkojo, pakiti ichukuliwe na jina lililoandikwa juu yake lisomwe tena mbele ya mtu anayejua. Digoksini iliyozidi huja polepole zaidi. Hujikusanya kwa siku kadhaa, wiki na zaidi kwa mwenye figo dhaifu, kisha mgonjwa anakosa hamu ya kula, anasikia kichefuchefu, anatapika, mapigo ya moyo yanakuwa ya taratibu au yanaruka, na baadhi huona vitu vimepakwa umanjano. Kukataa chakula kwa mtu wa umri ule hakumshangazi mtu nyumbani, na hapo ndipo siku zinapopotea. Hata Lasix ikiwa imepatikana sawasawa, digoksini ya ziada bado ni hatari, tena zaidi, kwa sababu Lasix huondoa potasiamu mwilini, na potasiamu ikipungua digoksini huwa kali.

Kwa watoto jambo hili lina sura nyengine. ALu, mojawapo ya dawa mseto za malaria, hutolewa kwa uzito: wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge kimoja kwa dozi, wa 15 hadi chini ya 25 viwili, na mtu wa kilo 35 na zaidi vinne, kutwa mara mbili kwa siku tatu. Mtoto akiwa mgongoni mwa mama yake mbele ya kaunta, muuzaji mwenye uzoefu akiona 4×2×3 atajua namba ile si ya mtoto huyu, pengine ni 1 iliyoandikwa kwa madaha. Kwenye picha mtoto hana uzito wala umri, isipokuwa mtu amekumbuka kupiga na sehemu ya juu ya karatasi, tena kama uzito uliandikwa.

Nadhani watu wa famasi wanaokataa kuuza kwa picha kabisa wanafanya haki kwa baadhi ya dawa, hasa zile zenye kiwango chembamba kama digoksini, dawa za kuyeyusha damu na za kisukari, pamoja na zile ambazo cheti kimoja kinaweza kuzungushwa maduka matano. Kwa nyengine, kukataa kutamrudisha mtu Nungwi mikono mitupu. Kati ya kukataa na kukisia kuna kazi ya dakika tano ambayo wengi hawaifanyi: kumpigia simu mgonjwa mwenyewe.

Nimewahi kusikia mazungumzo ya namna hii kwenye kaunta, simu ikiwa imewekwa sauti ya juu.

"Shikamoo bibi. Dawa hii daktari kakupa ya nini?"

"Marahaba mwanangu. Kasema ya kutoa maji. Miguu imejaa."

"Na tumbo, kiungulia, vidonda?"

"Tumbo langu zima, alhamdulillahi."

Lasix. Hakuna pikseli iliyoongezeka. Kumbuka namna alivyouliza: hakumtajia jina la dawa. Angeuliza "Ni Lasix, siyo?" bibi angeitikia ndiyo kwa heshima tu, na jibu lisingekuwa na thamani. Swali zuri ni lile ambalo mgonjwa analijibu kwa maneno yake.

Anayepiga picha naye ana lake. Cheti kilazwe mahali tambarare, karibu na dirisha, simu iwe juu yake moja kwa moja, karatasi yote iingie kuanzia jina la hospitali mpaka saini, na mgongo wake pia kama umeandikwa kitu. Kwenye WhatsApp itumwe kama faili, kupitia "Document", ambayo haiibani picha. Picha ya skrini iliyopigwa juu ya picha nyengine isitumwe. Picha nzuri namna hii inairudisha nukta na mkwaju wa ½. Mwandiko uliokuwa mbaya kwenye karatasi utabaki mbaya, sasa ukionekana wazi.

Upande wa daktari, wenzetu India baraza lao la matabibu lilielekeza mwaka 2016 kwamba dawa ziandikwe kwa jina halisi, kwa mwandiko unaosomeka na ikiwezekana kwa herufi kubwa, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Bangladesh ikatoa amri inayofanana na hiyo. Jina halisi linasaidia hapa moja kwa moja: furosemidi na omeprazoli hazifanani hata zikiandikwa na mtu anayekimbia. Cheti cha kompyuta kinamaliza habari ya mwandiko, lakini hakimalizi habari ya kuchanganya, kwani kwenye orodha ya majina kidole kinaweza kugusa la jirani, na jina lililochapwa vizuri halimpi mfamasia sababu ya kutilia shaka.

Hata kubadilisha jina la dawa kumejaribiwa. Marekani, Losec ilichanganywa na Lasix hadi mwaka 1990 ikapewa jina jipya la Prilosec. Baadaye zikaja taarifa za Prilosec kuchanganywa na Prozac, dawa ya sonona. Kinachobaki kwa daktari wa kwetu ni maneno mawili matatu mbele ya kila dawa, ambayo hayamchukui hata nusu dakika: Lasix, ya kutoa maji, Losec, ya tumbo. Yaandikwe kwa Kiswahili, ili na bibi mwenyewe aweze kuyasoma kabla ya mjukuu wake kupiga picha.